Jibu la ujumbe wako wa jana usiku

Alichoandika yeye, Jumanne saa nne usiku:

"Leo mazoezini umejificha mstari wa nyuma, nikakosa wa kumwangalia, nikaingia na besi ya wimbo mwingine kabisa. Mwalimu kanikaripia mbele ya watu kwa ajili yako. Sasa unanilipaje? Pesa sitaki. Nataka jioni moja tu, Jumamosi, wewe na mimi, bila kwaya nzima kututolea macho."

Jibu, Jumatano jioni:

Ujumbe wako niliusoma jana hiyohiyo, nikaifunika simu kifudifudi kama mtoto aliyevunja kikombe. Najua tiki za bluu uliziona. Samahani, hayakuwa maringo.

Tuanze na deni. Mwalimu alikukaripia kwa sababu uliingia kabla hajanyanyua mkono, mimi simo. Na unajua kwa nini nilikaa nyuma? Wiki iliyopita nilikukuta unanitazama, pumzi ikaniishia katikati ya mstari, dada aliye kando yangu akanifinya. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako unayeimba ovyo siku hizi.

Basi ulijue hilo kwanza: nimependa ulivyoandika. Nilicheka peke yangu, nikarudia kusoma. Ningekujibu "haha, asante" ungekuwa uongo. Ningekujibu "haya, Jumamosi" ungekuwa nusu uongo, na nusu hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Huu ni mwezi wa tano tangu niachane na mtu niliyekuwa naye miaka mitatu. Simtaki tena, hilo liko wazi. Ila kuna mambo aliyoniachia ambayo bado sijayatoa ndani. Simu ikilia usiku nashtuka kabla sijaona ni nani. Siku ile ulipochelewa kunijibu saa mbili nzima, nilishakutungia kesi na hukumu nikatoa, kumbe ulikuwa umelala. Kesi ile haikuwa yako, ilikuwa ya mwenzio. Sitaki uje kulipishwa deni ambalo hukukopa.

La pili ni dogo, lakini linanikera. Tunaonana kila Jumanne na Alhamisi. Tukiharibu, nani ahame? Sauti ya pili tuko watatu tu. Nikitoka wanabaki wawili, na mmoja wao hupotea kila tukifika ubeti wa tatu. (Usimwambie.)

Kwa hiyo naomba muda. Siyo ule wa "tutaona", mtu anangoja mpaka anajijibu mwenyewe. Tamasha letu ni Jumamosi tarehe 14, yaani wiki mbili na nusu hivi kutoka leo. Kesho yake, Jumapili, nitakutafuta mimi. Iwe ndiyo, iwe hapana, utapata neno lenyewe, si kidole gumba wala kopa jekundu. Na ikitokea siku hiyo bado sijui, nitakwambia sijui, halafu uamue wewe kama unaendelea kukaa hapo.

Mpaka siku hiyo, jioni ya wawili tuiache. Kuniandikia endelea ukipenda, vituko vyako vinanifurahisha. Ila lile "huyu wangu" ulilolitamka juzi mlangoni, lipumzishe kidogo. Watu waligeuka wote, mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Upande wangu, sitakuandikia usiku wa manane nikiwa na upweke, halafu asubuhi nikakupita kana kwamba si mimi. Hilo naliahidi kwa sababu najijua.

Wala sijakufunga. Akitokea mwingine katikati hapa, au ukaona kungojangoja huku hakukufai, niambie tu. Nitaumia kidogo, sitakudai kitu.

Uliomba jioni moja, nimekuletea insha. Nimeifuta mara mbili nikaiandika upya, na kila nilipoifupisha ilikuwa inasema "hapana", nami sikusema hapana.

Jumatano, dakika kumi baadaye:

Halafu kesho nitakaa mstari wa mbele. Kule nyuma mwanga ni hafifu, sioni noti.

Haya, si mwanga tu. Lakini wewe angalia mikono ya mwalimu.