Mwatuuliza Kila Siku, Leo Twajibu

Picha ya 1
Mzigo wafika lini? Nalipaje? Leso isiponipendeza je?
Hodi zenu tumezisikia. Telezesha kushoto, majibu yako humu humu.
*Duka la leso, vikoi, kofia za vito na udi. Mkomani, Lamu.*

Picha ya 2
Niko hapa hapa Amu. Mwaniletea?
Twaleta, tena bure, Mkomani na Langoni. Namba ya nyumba hatuna haja nayo. Tuandikie jina la mtaa, msikiti ulio karibu, na kama mlangoni kuna baraza. Ukiagiza kabla ya saa nane mchana, wapata siku ile ile. Kijana wetu huenda kwa miguu. Akikwama nyuma ya punda wenye mashogi ya mawe kwenye kichochoro chembamba, mvumilie, hana pa kupitia.
Shela ni shilingi 100, kwa boti.

Picha ya 3
Na sisi wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini?
Nyinyi hatuwapi saa, kwa sababu saa ni ya maji. Boti hupita Mkanda maji yakijaa. Yakitoka, hakuna pa kupita. Kwa hivyo mzigo twaufikisha gatini asubuhi, nahodha akiondoka tunakupigia simu na kukwambia boti gani. Nauli ya kifurushi ni shilingi 150, unamlipa nahodha mwenyewe.
Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, bahari ikichafuka tunaweza kuchelewa siku moja au mbili. Afadhali leso ichelewe kuliko ilowe.

Picha ya 4
Niko Malindi, Mombasa, Nairobi.
Mzigo wavuka kwa boti hadi Mokowe, hapo unapanda basi. Malindi na Mombasa shilingi 300. Nairobi 500. Basi likishaondoka tunakutumia picha ya risiti ya kifurushi. Nenda nayo ofisi ya basi pamoja na kitambulisho chako. Jina la kwenye risiti liwe lile la kwenye kitambulisho, tafadhali. Tuliwahi kuandika "Mama Fulani" kama tulivyoambiwa, na Mama Fulani akasimama dirishani nusu saa akibishana na karani kwamba ndiye yeye.
Malindi na Mombasa hesabu siku 2, Nairobi siku 3. Mzigo wa Alhamisi jioni huondoka Jumamosi.

Picha ya 5
Nalipaje?
M-Pesa, kwa namba ya till. Namba hiyo tunakutumia wenyewe kwenye mazungumzo, baada ya kukubaliana bei na nauli. Fungua `Lipa na M-PESA`, kisha `Buy Goods and Services`, weka namba na kiasi.
Sasa hapa taratibu: kabla hujakamilisha, soma jina linalotokea. Lisipokuwa jina la duka tulilokwandikia, acha papo hapo utuulize. Kuna watu huchukua picha zetu za leso, wakaziweka kwenye kurasa zao na kuuza wasichokuwa nacho.
Ukishatuma pesa kwa mtu siye, usimpigie kumbembeleza kwanza. Upeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwenda `456` mara moja, kabla hajazitoa.

Picha ya 6
Naweza kulipa mzigo ukifika?
Amu na Shela, ndiyo. Hesabu leso yako, ishike, inuse, kisha ulipe, taslimu au kwa simu.
Nje ya kisiwa, hapana, na tutakwambia kwa nini. Mwaka jana vikoi sita vilikaa ofisi ya basi wiki tatu, mwenyewe hashiki simu. Vikarudi. Nauli ya kwenda tulilipa sisi, ya kurudi tulilipa sisi. Duka letu ni la mama na mwanawe, halina kifua cha hasara hiyo mara mbili.

Picha ya 7
Kofia ya vito mbona ghali, na mbona yachukua muda?
Kwa sababu yashonwa kwa mkono, tundu moja moja, na kila tundu lazungushwa uzi. Mshonaji hukaa nayo miezi miwili hadi minne, akipumzisha macho. Zetu zaanzia shilingi 4,500.
Waweza kulipa kidogo kidogo: nusu siku ya kuagiza, iliyobaki kabla ya kuichukua. Ukiitaka kwa Idi au kwa harusi, usije wiki ya mwisho. Tutakuhurumia, lakini kofia haitakuwapo.
Kipimo: zungusha uzi kichwani, juu kidogo ya masikio, kisha uunyooshe kwenye rula. Tuandikie sentimita. "Kichwa cha kawaida" hatukijui.

Picha ya 8
Sikuipenda. Yarudi?
Yarudi, ndani ya siku 7 tangu uipokee. Masharti ni mepesi:
Leso iwe bado doti moja, haijakatwa, haijapindwa, haijafuliwa. Ukishaikata vipande viwili, mwenzangu, hiyo ni yako na nduguyo.
Kikoi kiwe hakijavaliwa. Harufu ya udi wa nyumbani kwako twaijua.
Udi ukifunguliwa haurudi. Kofia iliyoshonwa kwa kipimo chako hairudi pia, ila ikiwa sisi ndio tuliokosea kipimo.
Nauli ya kurudisha ni yako ukiwa umebadilisha mawazo. Ni yetu kosa likiwa letu. Ukitaka kubadilisha, twakubadilishia. Ukitaka pesa, zinarudi kwa M-Pesa ndani ya siku 2 baada ya mzigo kutufikia.

Picha ya 9
Na mkikosea nyinyi?
Hukosea. Dada mmoja aliagiza leso ya kumpelekea mama mkwe, yenye jina la dua. Rangi tulipatia, jina tukakosa. Bibi wa watu kaifungua mbele ya wageni, akasoma: *Mwenye kelele hana neno.* Simu tuliyopigiwa siku hiyo hatutaisahau.
Tangu hapo, kabla ya kufunga mzigo, tunakupigia picha ya jina la leso peke yake, kwa karibu. Lisome, utujibu "sawa". Bila hiyo "sawa" mzigo hautoki dukani. Na ukipokea kitu siyo, tutumie picha siku ile ile. Tutakuletea kilicho sahihi kwanza, kile cha makosa tutakifuata baadaye kwa gharama yetu.

Picha ya 10
Mko wazi saa ngapi?
Saa mbili asubuhi hadi saa moja kasoro robo jioni. Ijumaa twafunga saa sita hadi saa nane na nusu. Mwezi wa Ramadhani twafungua tena baada ya tarawehe, na usiku huo ndio wenye watu. Ujumbe usiojibiwa usiku utajibiwa asubuhi.

Picha ya 11
Wataka kuagiza? Tuandikie hivi, kwa mpigo mmoja:
Picha ya kitu ukitakacho. Rangi. Ngapi. Uko wapi. Jina la kitambulisho na namba ya simu itakayoshikwa.
Mfano: "Leso ile ya manjano, doti 2, niko Malindi, jina la kitambulisho ni hili, namba ya simu ni hii, nataka kabla ya Jumamosi."
Nasi tutakujibu: bei, nauli, na siku mzigo utakapoondoka Amu.

Maelezo chini ya picha
Ihifadhi hii, na umtumie yule shoga yako aulizaye nauli kila wiki. Swali ambalo hatukuligusa, liache hapo chini. Mama ndiye anayesoma maoni, kwa hivyo salamu kwanza.