Tipitaka ya Kipali: tabaka zake na ugumu wa kuzipa tarehe

Kurasa nne za Cullavagga, sehemu ya kanuni za watawa katika Tipitaka, yaani maandiko ya Kibuddha ya lugha ya Kipali, zilizopatikana Kathmandu, Nepal, ziliandikwa karne ya 8 au ya 9 BK. Mabamba 20 ya dhahabu yaliyofukuliwa katika kilima cha Khin Ba, Sri Ksetra, Myanmar, ni ya karne ya 5 au ya 6, lakini yana vifungu vilivyochaguliwa tu. Ukiondoa masalia hayo, miswada mingi ya Kipali iliyowafikia wachapishaji wa kwanza ilinakiliwa karne ya 18 na ya 19, kwa kuwa jani la mtende halidumu katika joto na unyevu wa Sri Lanka na Myanmar: likianza kuoza, hunakiliwa upya na la zamani hutupwa. Buddha naye, kwa hesabu yoyote ile, alifariki kati ya karne ya 6 na ya 4 KK.

Kwa hiyo umri wa muswada hautuambii umri wa maneno yaliyomo, na swali la Tipitaka nzima ni ya lini halina jibu moja. Makala haya yanachukua kifungu kuwa ndicho kitu cha kupewa tarehe, kwani ndani ya sutta moja, yaani hotuba moja, aya mbili zinazofuatana zinaweza kutenganishwa na karne kadhaa.

Hata mahali pa kuanzia kuhesabu hapana uhakika. Nukta iliyo imara ni Asoka, mfalme wa India wa karne ya 3 KK: katika Amri ya 13 ya mwambani anawataja wafalme watano wa Kiyunani, wakiwemo Antioko, Ptolemaio na Magasi wa Kirene. Kwa kulinganisha miaka yao ya utawala, kutawazwa kwa Asoka huwekwa karibu na mwaka 268 KK. Historia za Sri Lanka, Dipavamsa na Mahavamsa, zasema alitawazwa miaka 218 baada ya Buddha kufariki, nasi tunapata 486 KK. Mapokeo ya kaskazini yanataja miaka 100 tu, yaani 368 KK. Mwaka 544 KK unaofuatwa katika kalenda za nchi za Theravada, madhehebu yanayofuata Tipitaka ya Kipali, haupatani hata na hiyo 218 ya vitabu vyao wenyewe.

Hesabu ndefu, ile ya miaka 218, ina udhaifu unaoonekana wazi. Inajaza miaka 236, kutoka kifo cha Buddha hadi baraza la tatu la watawa wakati wa Asoka, kwa walimu watano tu wa Vinaya, yaani kanuni za watawa, wanaorithishana: Upali, Dasaka, Sonaka, Siggava na Moggaliputta Tissa. Mlolongo huo ukifupishwa uwe wa maisha ya kawaida, kifo cha Buddha kinasogea mbele. Mtaalamu Richard Gombrich alipoupima upya alifika karibu na 404 KK. Wataalamu wengi leo huzunguka mwaka 400 KK, na hilo lina athari ya moja kwa moja kwa suala letu: muda wa kupokezana kwa mdomo kabla ya Asoka unapungua kwa karibu miaka 80.

Kuandikwa kwenyewe kuna tarehe inayokubalika zaidi. Mahavamsa inasema watawa wa Sri Lanka waliandika Tipitaka pamoja na ufafanuzi wake wakati wa mfalme Vattagamani Abhaya, karne ya 1 KK, na mapokeo ya baadaye yanataja Aluvihara kuwa ndipo mahali penyewe. Njaa na vita vilikuwa vimewapunguza watawa waliohifadhi vifungu kifuani. Tarehe hiyo, hata hivyo, isichukuliwe kuwa kufuli. Ufafanuzi wa mtawa Buddhaghosa, karne ya 5 BK, ndio wa kwanza unaotuwezesha kukagua karibu neno kwa neno nakala ya Mahavihara, monasteri kuu ya Sri Lanka, ilivyokuwa, na kati ya Vattagamani na Buddhaghosa kuna zaidi ya miaka 400 isiyo na mlinzi wa aina hiyo.

Je, kabla ya kuandikwa kulikuwa na nini? Amri ya Asoka ya Bairat inawapendekezea watawa na waumini maandiko saba kwa majina. Moja ni mausia kwa Rahula juu ya uongo, ambalo bila shaka linalingana na Majjhima 61. Jingine, Munigatha, linalingana na 1.12 ya Suttanipata, kitabu chenye beti nyingi. Mengine bado yanabishaniwa. Ushahidi huu ni wa thamani lakini mwembamba: jina la karne ya 3 KK linathibitisha kwamba andiko lenye mada hiyo lilikuwapo, wala halithibitishi kwamba sentensi zake zilikuwa hizi tunazosoma. Baadaye kidogo, maandishi ya wafadhili kwenye stupa, yaani majengo ya masalia, za Bharhut na Sanchi yanawataja watu wenye cheo cha bhanaka, yaani msomaji wa moyoni, mjuzi wa pitaka, yaani makundi makuu ya maandiko, na hata mjuzi wa nikaya tano, yaani mikusanyiko ya sutta kama Digha, Majjhima, Samyutta na Anguttara. Mgawanyo wa nikaya tano basi ulikuwa umeshazoeleka India kabla ya Aluvihara au karibu na wakati huohuo.

Msomaji aliyekulia jirani na madrasa hatashangaa kwamba maelfu ya mistari yanaweza kukaa kifuani bila kuharibika. Lakini Tipitaka haikuhifadhiwa kwa namna moja. Beti hufungwa na mizani, hivyo neno likibadilika mstari unachechemea. Nathari hufungwa na vifungu vya kudumu vinavyorudiwa na visawe vilivyopangwa kwa kuongezeka silabi, na kosa lake ni la aina nyingine: kifungu kilichozoeleka huteleza na kuingia mahali ambapo awali hakikuwapo, kwa sababu mdomo ulishazoea kukisoma baada ya maneno fulani. Makundi ya wasomaji nayo yalitofautiana. Buddhaghosa anaeleza kwamba wasomaji wa Digha hawakuviweka katika orodha yao Buddhavamsa, Cariyapitaka na Apadana, ilhali wasomaji wa Majjhima walivikubali. Vitabu hivyo vitatu ndivyo ambavyo utafiti wa lugha na maudhui unaviona kuwa vya baadaye.

Mahali ambapo tabaka zinaonekana waziwazi ni Suttanipata. Sehemu zake mbili, Atthakavagga na Parayanavagga, zinatajwa kwa majina ndani ya vitabu vingine vya Tipitaka: Udana 5.6 na Mahavagga zinasimulia jinsi Sona Kutikanna alivyoisoma Atthakavagga mbele ya Buddha, Samyutta 22.3 inafafanua ubeti mmoja wake, Anguttara 3.32 na 3.33 zinanukuu Parayana. Kinachonukuliwa kimetangulia kinachonukuu, angalau katika hali iliyotufikia. Isitoshe, Niddesa, ufafanuzi wa kale kiasi cha kuingizwa katika Tipitaka yenyewe, inafafanua sehemu hizo mbili pamoja na Khaggavisana-sutta, na haigusi sutta nyingine za kitabu hicho. Mfafanuzi alikuwa na vipande vitatu mkononi. Suttanipata kama kitabu ilikuwa bado haijakusanywa, au haikuwa na hadhi hiyo.

Niddesa inatufaa pia kwa inachokiacha. Utangulizi wa Parayana, beti zinazosimulia safari ya wanafunzi wa Bavari kutoka ukingo wa mto Godhavari, haufafanuliwi. Ufafanuzi wenye kuchambua kila neno ukiruka beti zaidi ya hamsini, maelezo mepesi ni kwamba hazikuwapo. Kwa Atthakavagga tuna kipimo kingine: tafsiri ya Kichina ya Zhi Qian, karne ya 3 BK, ina beti zinazofanana sana na za Kipali, lakini hadithi za nathari zinazozitangulia ni tofauti na zile za ufafanuzi wa Kipali. Beti zilisafiri pamoja. Kila tawi likajitungia visa.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Wakishaona beti ni kongwe, wanahitimisha kwamba fundisho lililo katika nathari ni geni. Hoja hiyo haisimami. Ukongwe wa umbo si ukongwe wa wazo: wazo la kale linaweza kuwa limevishwa maneno mapya mara nyingi, na mshairi wa baadaye anaweza kutunga kwa umbo la kizamani. Tahadhari hiyohiyo inafaa kwa lugha. Wingi unaoishia na -ase na vitenzi vya -tave vina sura ya Kiveda, na huashiria ukale. Lakini vilevile huokoa mizani, na mtunzi mwenye shida ya silabi hatavikataa. Digha 2 inamnukuu Pakudha Kaccayana, mwalimu mpinzani wa Buddha, kwa viishio vya -e vya lahaja ya mashariki, sukhe, dukkhe, jive sattame, mahali ambapo Kipali cha kawaida kingetarajia -o au -am. Huenda ni mabaki ya lahaja ya Magadha. Huenda pia wasomaji walihifadhi kwa makusudi lafudhi ya mpinzani. Upande wa pili, maumbo kama brahmana na vitenzi vya -tva yamesafishwa kuelekea Kisanskriti, kwa hiyo hata kifungu cha kale kimevaa mavazi ya baadaye.

Ushahidi wa kihistoria ndani ya matini ni mgumu zaidi kuupinga. Anguttara 5.50 inamweka mtawa Narada pamoja na mfalme Munda huko Pataliputta. Kwa orodha ya Mahavamsa, Ajatasattu alitawala miaka 24 baada ya Buddha kufariki na Udayabhadda 16, kabla ya Anuruddha na Munda. Sutta hiyo basi inasimulia tukio la miaka 40 au zaidi baada ya kifo. Katika Digha 16, Buddha anatabiri kwamba kijiji cha Pataligama kitakuwa mji mkuu wa biashara. Asiyekubali utabiri ataweka kifungu hicho baada ya mji kukua, ila sutta nzima isivutwe na kifungu kimoja. Sutta hiyohiyo inafungwa na beti kuhusu mgawanyo wa masalia, na Buddhaghosa mwenyewe anakiri kwamba zilisemwa na wazee wa Sri Lanka. Ni nadra mapokeo kutuonyesha mshono kwa kidole namna hii.

Kuhusu Abhidhamma, pitaka ya uchambuzi wa mafundisho, hakuna haja ya kukaa. Masimulizi ya baraza la kwanza katika Cullavagga 11 yanataja Dhamma na Vinaya tu, na vitabu saba vya Abhidhamma vya Sarvastivada, madhehebu mengine ya kale ya India, havifanani na saba vya Theravada. Vilitungwa baada ya madhehebu kuachana. Parivara, kitabu cha mwisho cha Vinaya, nayo ni ya baadaye, kwani inaorodhesha walimu wa Vinaya wa Sri Lanka kuanzia Mahinda, mtawa aliyeupeleka Ubuddha huko.

Ulinganisho na Agama za Kichina, mikusanyiko ya madhehebu mengine inayolingana na nikaya, zilizotafsiriwa kati ya mwisho wa karne ya 4 na katikati ya karne ya 5 BK, ndio njia yenye mavuno zaidi, mradi mipaka yake ijulikane. Kinachopatikana kwa Theravada na kwa Sarvastivada kinaelekea kuwa cha kabla ya kutengana kwao. Hakithibitishwi kuwa neno la Buddha, na madhehebu yaliendelea kuazimana hata baada ya kutengana. Kukosekana upande mmoja nako kuna sababu nyingi: kitu kiliongezwa huku, kilipotea kule, au kilihamishiwa sutta nyingine.

Chukua mafundisho ya satipatthana, yaani misingi ya uzingativu. Majjhima 10, Madhyama-agama 98 na sura ya 12 ya Ekottarika-agama zina orodha tofauti za mazoezi ya kutafakari mwili; yanayopatikana katika zote tatu ni viungo vya mwili, elementi, na maiti inayooza. Kutafakari pumzi, ambako Majjhima 10 inaanza nako, hakumo katika Ekottarika. Digha 22 ina maneno yaleyale ya Majjhima 10 pamoja na ufafanuzi mrefu wa kweli nne. Toleo la Baraza la Sita, Rangoon, 1954 hadi 1956, lilichukua ufafanuzi huo na kuuingiza katika Majjhima 10 yenyewe, likaipa hata jina la Mahasatipatthana. Anayenukuu Majjhima 10 bila kutaja toleo hajasema ananukuu tabaka gani.