Watoto watatu zaidi katika kila 100: matokeo ya utafiti wa FEAST kwa lugha ya kila siku

Ndugu wajumbe wa kamati ya afya,

Katika kikao kilichopita mlisomewa aya moja ya matokeo ya utafiti wa FEAST, ule wa kuwamiminia maji kwa haraka watoto wenye homa kali, uliofanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011. Aya ilipokwisha, mama mmoja aliuliza: "Kwa hiyo dripu inaua watoto?" Tulimjibu kwa kumsomea takwimu zilezile tena. Hakustahili jibu hilo, na swali lake ndilo swali ambalo wazazi watawauliza nyinyi. Kwa hiyo nimeiandika aya hiyo upya, kwa urefu inaouhitaji. Naanza na ile ya awali ili anayetaka kulinganisha alinganishe.

Aya kama mlivyosomewa

"Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu kupata bolasi ya albumini (n=1,050), bolasi ya salaini (n=1,047) au kutopata bolasi (kundi linganishi, n=1,044). Vifo ndani ya saa 48 vilikuwa 10.6%, 10.5% na 7.3% mtawalia. Uwiano wa hatari wa bolasi yoyote dhidi ya kundi linganishi ulikuwa 1.45 (masafa ya imani ya 95%: 1.13–1.86; P=0.003); albumini dhidi ya salaini, 1.01 (0.78–1.29; P=0.96). Vifo katika wiki ya 4 vilikuwa 12.2%, 12.0% na 8.7%. Uvimbe wa mapafu au ongezeko la shinikizo la ubongo: 2.6%, 2.2% na 1.7% (P=0.17). Miongoni mwa watoto wenye shinikizo la damu la chini mno, vifo vilikuwa 69% kwa albumini na 56% kwa salaini (P=0.45)."

Aya hiyohiyo, kwa maneno yetu

Mtoto akifikishwa hospitali na homa kali, mikono na miguu ikiwa baridi, mapigo ya moyo yakienda mbio, daktari anajua kwamba damu haifiki vizuri mwilini. Miongozo ya tiba katika nchi tajiri ilishauri mtoto huyo amiminiwe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa, ndani ya muda wa saa moja hivi. Umiminaji huo wa haraka ndio unaoitwa bolasi. Watafiti walitaka kujua kama unaokoa watoto katika hospitali zisizo na mashine za kupumulia.

Walichukua watoto 3,141 wenye umri wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wakawagawa katika makundi matatu kwa njia inayofanana na kupiga kura, bila daktari kuchagua nani aende wapi. Kundi la kwanza lilimiminiwa maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. La pili lilimiminiwa maji ya chumvi ya kawaida ya hospitali. La tatu halikumiminiwa kwa haraka. Naomba msimame hapa kidogo, maana hapa ndipo tulipompoteza yule mama. Kundi la tatu halikuachwa bila matibabu. Watoto wote, katika makundi yote, walipata dawa za malaria au za kuua bakteria kadiri walivyohitaji, na maji ya polepole ya kuwatunza. Tofauti ilikuwa moja tu: ule mmimino wa saa ya kwanza.

Baada ya siku mbili, waliokufa walikuwa 111 kati ya 1,050 waliopewa albumini, 110 kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi, na 76 kati ya 1,044 ambao hawakumiminiwa. Makundi yanakaribiana kwa ukubwa, kwa hiyo tunaweza kuyalinganisha kwa macho. Ukipanga watoto 100 wasiomiminiwa, takribani 7 walikufa. Ukipanga 100 waliomiminiwa, walikufa kati ya 10 na 11. Hao watatu wa ziada katika kila 100 ndio habari kubwa ya utafiti huu. Mkipenda kuwaona kwa kundi kubwa zaidi, ni watoto 33 wa ziada katika kila 1,000.

Namba 1.45 mliyosomewa inasema jambo hilohilo kwa njia nyingine: hatari ya kifo kwa waliomiminiwa ilikuwa ile ya wenzao mara 1.45, yaani ilizidi kwa karibu nusu. Ni sahihi, lakini nawasihi msiitumie peke yake. Mzazi akisikia "hatari imepanda kwa asilimia 45" ataelewa kwamba karibu nusu ya watoto walikufa. Mwambieni: walikuwa 7 katika 100, wakawa zaidi ya 10 katika 100. Humo mna ukubwa wa madhara na pia ukweli kwamba watoto wengi sana, karibu 9 katika kila 10, walikuwa hai baada ya siku mbili hata pale walipomiminiwa.

Zile namba mbili kwenye mabano, 1.13 na 1.86, zinatuambia tuamini kiasi gani. Watafiti hawakupima watoto wote duniani. Walipima hawa 3,141. Wengine wangepimwa, jibu lingesogea kidogo. Masafa hayo yanaonyesha majibu yanayolingana na kilichoonekana. Tuyarudishe kwa watoto: ikiwa bila mmimino wanakufa 73 katika 1,000, basi kwa mmimino kadirio letu bora ni 106, ila huenda idadi halisi ni ndogo kama 82 au kubwa kama 136. Ni masafa mapana, na ni vema kulisema hilo waziwazi. Lakini tazameni upande wa chini: hata 82 ni zaidi ya 73. Ndani ya masafa hayo yote hakuna pahala ambapo mmimino unamsaidia mtoto. Kama namba ya chini ingekuwa chini ya 1, tungelazimika kusema kwamba huenda ulisaidia.

P=0.003 ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa 0.3% kuwa utafiti umekosea. Inasema hivi: tuseme mmimino haubadilishi chochote, wala kwa heri wala kwa shari. Kwa bahati tupu, pengo kubwa kama hili au kubwa zaidi lingetokea katika tafiti kama 3 kati ya 1,000. Bahati ya namna hiyo ni adimu, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba pengo hili limetokana na bahati tu.

Je, aina ya maji ilileta tofauti? Albumini ni ghali kuliko maji ya chumvi, na wengine walitumaini ingekuwa salama zaidi. Vifo 111 kwa 110, katika makundi karibu sawa: hakuna dalili ya tofauti. Sisemi imethibitishwa kwamba ni sawa kabisa, kwa sababu masafa yake yanaanzia 0.78 hadi 1.29, yaani albumini huenda inapunguza vifo kwa 22 katika kila vifo 100, na huenda inaviongeza kwa 29. Utafiti huu hauwezi kutuambia ni upande upi.

Tahadhari hiyohiyo itumike kwa uvimbe wa mapafu na shinikizo la ubongo. Matatizo hayo yalionekana kwa watoto 26 katika 1,000 wa albumini, 22 wa maji ya chumvi na 17 wa wasiomiminiwa. P=0.17 ina maana kwamba pengo la namna hii linaweza kuletwa na bahati mara 17 katika 100, basi hatuwezi kulitegemea. Katika kikao mtu alilitafsiri kuwa "hakuna tofauti." Tafsiri ya kweli ni kwamba kama tofauti ipo, utafiti huu haukuweza kuitenga na bahati.

Baada ya wiki nne hadithi haikubadilika. Waliokufa walifika 12 katika 100 kwa waliomiminiwa, na karibu 9 katika 100 kwa wasiomiminiwa. Pengo ni lilelile la watoto watatu, kwa hiyo haikuwa kwamba mmimino uliwaweka wengine pabaya mwanzoni kisha ukawalipa baadaye.

Nimebakiwa na ile sentensi ya mwisho, yenye 69% na 56%. Inatisha, na inaonekana kama inashtaki albumini. Basi zihesabuni: kundi hili la pembeni, lisilohesabiwa katika wale 3,141, lilikuwa na watoto 29 wenye hali mbaya kupita wote, nao wote walimiminiwa. Kati ya 13 waliopewa albumini walikufa 9. Kati ya 16 waliopewa maji ya chumvi walikufa 9. Vifo tisa kwa tisa! Asilimia zimetofautiana kwa sababu makundi ni madogo na hayalingani. Kinachojulikana hapo ni kwamba watoto hawa walikuwa hatarini mno, na kwamba hakukuwa na wenzao wasiomiminiwa wa kuwalinganisha nao.

Utafiti ulipangwa kufikia watoto 3,600. Ulisimamishwa mapema, Januari 2011, kwa ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu, kwa kuwa madhara yalikwisha kuonekana. Mkiulizwa kwa nini haukumalizika, jibu ni hilo.

Nani hayumo katika namba hizi

Watoto wenye kuhara na kutapika kulikowakausha maji hawakuingizwa katika utafiti. Wala wenye utapiamlo mkali. Wala wale ambao damu yao haikuzunguka vizuri kwa sababu isiyo ya maambukizi. Hizi namba haziwahusu. Mtoto aliyekaushwa na kuhara anahitaji kurudishiwa maji, na mzazi akimkatalia dripu kwa sababu amesikia habari za FEAST, kosa litakuwa limetoka kwetu tuliomweleza nusu.

Jibu la yule mama, ambalo naomba mlichukue kama lilivyo na kulitamka kwa utulivu, ni hili:

"Hapana, mama, dripu kwa jumla haikushtakiwa. Watoto wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri walipomiminiwa maji mengi kwa haraka, walikufa zaidi ya 10 katika kila 100. Wenzao waliopata dawa na maji ya polepole walikufa 7 katika kila 100. Watoto wanaoharisha hawakuwamo. Mwanao akiugua, mlete mapema, na muulize daktari maji anayompa ni ya nini."