Ukaguzi wa Slaidi za Mradi wa Barafu: Madai Yasiyo na Ushahidi na Kinachohitajika kwa Kila Dai

Kwa: Bi. Katibu wa Ushirika
Kutoka: Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi
Nakala: Mweka Hazina, Msimamizi wa Mizani
Kuhusu: Slaidi 13 za ombi la mkopo wa mtambo wa barafu na chumba baridi, ufuo wetu wa Kisumu

Bi. Katibu,

Kamati imezisoma slaidi zote 13 ulizotutumia kabla hazijapelekwa kwa mkutano wa wanachama na baadaye kwa mkopeshaji. Tunauunga mkono mradi huu. Wachuuzi wetu huuza mbuta na ngege kwa bei ya hasara kila jioni ambapo magari ya barafu hayajafika, na yeyote anayekaa bandani saa kumi na mbili jioni analijua hilo. Kwa sababu hiyo hiyo tumelikagua kila dai kwa ukali, maana afisa wa mikopo atakayegundua takwimu moja isiyosimama hataziamini nyingine hata zikiwa za kweli, na watakaoumia ni akina mama wa ufuo wala si walioandika slaidi.

Jambo kuu tulilolibaini ni kwamba takwimu zenye nguvu zaidi katika wasilisho hili zimetoka mbali, ilhali daftari la mizani linalojazwa kila asubuhi katika banda letu halijatajwa hata mara moja. Sehemu kubwa ya ushahidi tunaouomba hapa chini imo katika daftari hilo au inaweza kupatikana kando yake.

Slaidi ya 2. Kwamba sehemu ya Kenya katika Ziwa Victoria ni takriban asilimia 6, huku Tanzania ikiwa na takriban asilimia 51 na Uganda asilimia 43, ni sahihi na ibaki. Sentensi inayofuata, kwamba samaki wamepungua "kwa sababu ya uvuvi haramu wa majirani", haina ushahidi wowote na haiusaidii mradi wa barafu. Iondolewe.

Slaidi ya 3. Hili ndilo dai linalobeba wasilisho lote: "Asilimia 35 ya samaki wa ufuo wetu huoza kabla ya kufika sokoni." Asilimia 35 ni makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kuhusu samaki wanaopotea au kutupwa duniani kote, kuanzia kwenye nyavu hadi jikoni kwa mlaji. Si kipimo cha Kisumu, si kipimo cha samaki waliooza peke yao, na hakiishii sokoni. Kukihamishia ufuo wetu ni kukifanya kiseme jambo ambalo hakikupima.

Lakini tatizo la slaidi hii si chanzo pekee, kwani maana yenyewe ya "hasara" imechanganywa. Samaki wanaotupwa ziwani au kuzikwa ni hasara ya uzito. Samaki walioanza kulegea, macho yakazama na mashavu yakapoteza wekundu, wakauzwa kwa wakaangaji kwa bei ndogo, ni hasara ya ubora. Kisha kuna samaki wazima kabisa ambao bei yao imeanguka kwa sababu mashua nyingi zimetia nanga kwa wakati mmoja. Hiyo ni hasara ya soko. Kwa kadiri tunavyoufahamu ufuo wetu, samaki wanaotupwa ni wachache, kwa kuwa wakaangaji na wanaobanika huchukua karibu kila kitu. Pesa hupotelea katika bei. Mkopeshaji akimuuliza msimamizi wa mizani ni kilo ngapi zilitupwa wiki iliyopita na akajibiwa "chache sana", slaidi ya 3 itaanguka papo hapo, ingawa hoja ya kweli, kwamba mchuuzi hupoteza sehemu ya bei kila jioni, ina nguvu kuliko asilimia yoyote ya kuazima.

Ushahidi unaohitajika ni huu. Msimamizi wa mizani afuatilie mizigo iliyochaguliwa bila upendeleo, tangu mashua inapotia nanga hadi kilo ya mwisho inapouzwa, akiandika saa, uzito, hali ya samaki na bei katika kila hatua. Kazi hiyo ifanywe katika majira ya samaki wengi na ya samaki wachache, kwa mbuta na ngege kila mmoja peke yake, na bei ya asubuhi ilinganishwe na ya jioni kwa samaki wa ukubwa uleule. Hadi vipimo hivyo vipatikane, slaidi iandikwe hivi: "FAO inakadiria kwamba asilimia 35 ya samaki duniani hupotea au kutupwa. Katika ufuo wetu hasara iliyo wazi zaidi ni kushuka kwa bei jioni, na tunaipima sasa."

Slaidi ya 4. Picha ya rundo la samaki waliokufa inatisha, na ndiyo maana tuliitazama kwa makini. Samaki wote ni ngege wa ukubwa mmoja, na nyuma yao yanaonekana maboya na fremu za vizimba. Samaki wa nyavu hawafanani hivyo. Inaelekea picha hiyo ni ya vifo vya samaki wa kufugwa, ambavyo ziwani hutokea maji yanapopungukiwa na oksijeni, na barafu haizuii vifo hivyo. Itafutwe picha ya ufuo wetu yenye mahali na tarehe iliyopigwa, la sivyo slaidi ifutwe. Hatuoni njia ya kuitetea.

Slaidi ya 5. "Wanachama wote wanauunga mkono mradi." Ziletwe kumbukumbu za mkutano, idadi ya waliohudhuria na matokeo ya kura. Kama kura haijapigwa, dai lisubiri.

Slaidi ya 6. Hapa panadaiwa kwamba paneli za sola za kilowati 20 zitatengeneza tani 2 za barafu kwa siku, na kwamba barafu hiyo itatosha tani 6 za samaki. Madai haya mawili tumeyapiga hesabu.

Kuipoza kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi sifuri huhitaji kuondoa takriban kilojuli 105 za joto, na kuigandisha huhitaji kilojuli 334 zaidi. Jumla ni takriban kilojuli 439. Kwa tani moja hiyo ni kama kilowati-saa 122 za joto, na kwa tani mbili ni 244. Tukichukulia kwamba mashine huondoa joto mara mbili ya umeme inaotumia, zitahitajika kilowati-saa 122 za umeme kila siku. Paneli za kilowati 20 zikipata jua kamili la saa 5 hutoa kilowati-saa 100 kabla ya kutoa upotevu wa nyaya, vumbi, joto na betri. Chumba baridi, ambacho slaidi inasema kitatumia umeme huohuo usiku kucha, hakimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo dai halisimami hata kwa hesabu inayolipendelea.

Kuhusu tani 6 za samaki, kumpoza samaki kutoka nyuzi 28 hadi sifuri huhitaji takriban kilo 0.3 za barafu kwa kilo moja ya samaki, na inaonekana mwandishi wa slaidi alianzia hapo. Kiasi hicho hakiachi nafasi kubwa kwa barafu inayoyeyuka katika kasha, juu ya boda boda na kwenye meza ya sokoni. Katika nchi za joto kanuni inayotumika kazini ni kilo kwa kilo. Tani 2 za barafu basi ni za takriban tani 2 za samaki.

Tunahitaji karatasi ya vipimo ya mtengenezaji inayoonyesha umeme kwa kila tani katika joto la Kisumu, hesabu ya mzigo wa chumba baridi iliyotiwa sahihi na fundi mwenye leseni, na mpango wa siku za mawingu. Tunahitaji pia matokeo ya maabara ya maji yatakayogandishwa, kwa sababu barafu inayogusa samaki inapaswa kutengenezwa kwa maji yanayofaa kunywewa, na maji ya ghuba hayafai yakiwa ghafi.

Slaidi ya 7. "Kipato cha kila mchuuzi kitaongezeka maradufu." Dai hili linapingana na slaidi ya 3. Hata asilimia 35 yote ingekuwa ya kweli na ikaokolewa yote, mauzo yangepanda kutoka 65 hadi 100, yaani nyongeza ya takriban asilimia 54, kabla ya kulipia barafu. Ziletwe hesabu za mchuuzi mdogo, wa kati na mkubwa, gharama ya barafu ikiwemo. Nyongeza ndogo iliyothibitishwa itatufaa zaidi mbele ya mkopeshaji.

Slaidi ya 8. Jumla ya samaki wanaoshushwa imejumuisha omena. Omena wetu huanikwa juani, hawaingii katika chumba baridi. Mweka Hazina atenganishe tani kwa aina ya samaki na kwa mwezi kutoka daftari la mizani, na mahitaji ya barafu yakokotolewe upya kwa mbuta na ngege pekee.

Slaidi ya 9. Ushuhuda wa mama mmoja unagusa moyo na hatutaki uondolewe. Uitwe simulizi ya mtu mmoja, usiwe kipimo cha wote. Kwa kuwa jina, picha na mapato yake vimeonyeshwa, apatikane na atie sahihi idhini kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba slaidi zitasomwa na watu wa nje.

Slaidi ya 10 inasema miradi kama huu "imefaulu kila mahali". Itajwe miradi mahususi, ikiwemo iliyokwama, pamoja na sababu za kukwama kwake. Slaidi ya 11, kuhusu mkopo kulipwa kwa miaka 3, inahitaji mtiririko wa fedha wa kila mwezi wenye vipuri, mshahara wa fundi, miezi ya samaki wachache, na siku ambazo gugumaji huzuia mashua kutoka. Slaidi ya 12, "hakuna athari kwa mazingira", iambatanishwe na uamuzi wa maandishi wa NEMA na maelezo ya gesi ya kupozea na maji machafu. Slaidi ya 13 inadai umeme wa gridi hukatika kila siku. Msimamizi wa banda aanze leo kuandika saa ya kukatika na ya kurudi.

Kwamba barafu huchelewesha kuoza, na kwamba samaki asiyepozwa katika joto letu huharibika chini ya siku moja, kamati haidai ushahidi zaidi.

Tunaomba slaidi za 3, 4, 6 na 7 zisionyeshwe popote kabla ya kurekebishwa. Nyingine zinaweza kusomwa mbele ya wanachama, mradi dai lisilothibitishwa liandikwe wazi kuwa ni makadirio. Msimamizi wa mizani ameshakubali kuanza kufuatilia mizigo Jumatatu, na anahitaji kutoka ofisini kwako mizani ya pili, kipimajoto cha kuchomeka ndani ya samaki na daftari jipya lenye safu za saa, bei na hali.

Wako katika ushirika,
Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi