Ikirari na maelezo ya mchango, nimeyaandika upya

Dada, rasimu yako nimeisoma na nimeona bora niiandike upya yote, manake kuichokoachokoa sentensi moja moja ingetuchosha wote wawili. Tatizo kubwa ni pale mwanzo, umeandika kazi umeifanya peke yako bila kusaidiwa na mtu yeyote, halafu kwenye shukrani unamshukuru fundi wa maabara kwa kupima sampuli na sura ya nne ina waandishi watatu, sasa mtahini akikuuliza peke yako vipi utamjibu nini? Kazi kuwa yako na kusaidiwa havigombani, ilimradi kila kitu kimeandikwa. Haya chukua:

IKIRARI

Mimi, mtahiniwa ambaye jina lake lipo kwenye jalada, natamka kwamba tasnifu hii yenye kichwa "Uwezo wa Vichujio vya Mchanga Kupunguza Bakteria Katika Maji ya Visima Vifupi" ni kazi yangu mwenyewe. Tasnifu hii haijawahi kuwasilishwa, yote wala sehemu yake, katika chuo hiki au kingine chochote kwa ajili ya kutunukiwa shahada.

Mawazo, data na michoro ya watu wengine imetajiwa chanzo mahali ilipotumika, na maneno yaliyonukuliwa kama yalivyo yamewekwa ndani ya alama za mtajo. Mchoro wa 2 umetumika kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye hakimiliki.

Sura ya Nne inatokana na makala iliyochapishwa katika jarida la kitaaluma wakati wa masomo yangu. Tofauti kati ya makala hiyo na sura iliyomo humu zimeelezwa mwanzoni mwa sura. Mhariri aliyelipwa alisahihisha sarufi na tahajia pekee, hakugusa hoja wala matokeo.

MAELEZO YA MCHANGO

Sura ya Kwanza, ya Pili na ya Tano niliziandika mimi, na msimamizi wangu alizitolea maoni.

Sura ya Tatu: nilibuni jaribio, nilijenga vichujio na kukusanya sampuli za maji. Fundi wa maabara alihesabu bakteria kwa kufuata utaratibu nilioupanga. Uchambuzi wa takwimu na ufafanuzi wa matokeo ni wangu.

Sura ya Nne ina waandishi watatu. Mimi, mwandishi wa kwanza, nilitunga swali la utafiti, nilikusanya data, niliandika rasimu ya kwanza na kujibu maoni ya wahakiki wa jarida. Mwandishi wa pili, ambaye ni msimamizi wangu, alishiriki kubuni mbinu, alitafuta fedha za utafiti na kuhakiki rasimu. Mwandishi wa tatu aliandika msimbo wa uchambuzi katika programu ya R na kurekebisha sehemu ya matokeo. Mimi niliuendesha msimbo huo na kufasiri matokeo yake. Waandishi wote waliidhinisha makala kabla ya kuchapishwa, na wameridhia kwa maandishi maelezo haya pamoja na matumizi ya makala katika tasnifu hii.

Ndo hivyo. Zile asilimia zako za "mimi 80, sopavaiza 15" nimezitoa, hakuna mtu anayeweza kuzipima na zinaleta ugomvi wa bure. Kueleza nani alifanya nini kunatosha, hata ule mfumo wa CRediT ambao majarida mengi yanautumia umegawa majukumu 14 na unachotaka kwanza ni kujua nani kafanya lipi. Na kwa sopavaiza kuna kitu nimekiangalia sana, wewe ulikuwa umeandika alitafuta fedha tu, sasa kwa vigezo vya ICMJE, ile kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, kutafuta fedha peke yake hakumpi mtu nafasi ya kuwa mwandishi, na kwenye meseji yako uliniambia mwenyewe alikaa na wewe kupanga mbinu na akasahihisha rasimu, kwa hiyo nimeviweka vyote viwili maana ni kweli na ndo vinavyombeba.

Fundi usimwongeze kwenye uandishi eti umemwonea huruma. Shukrani yake iko vizuri pale ilipo.

Ile aya ndefu ya "kwa unyenyekevu mkubwa" nimeifuta, ihamishie kwenye shukrani kama unaipenda sana 😅

Halafu nimeandika kwamba wote wameridhia kwa maandishi, na wewe mpaka sasa una imeili ya sopavaiza tu. Mtumie yule wa tatu hayo maelezo leo, na usisaini chochote kabla hajajibu.