Wino wa Zambarau

Sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa lilikuwa juu ya mkeka, kufuli zake 3 zimefunguliwa, vitabu 25 vya hisa vimepangwa kando yake. Mkaguzi alikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu, kijana wa rika la mwanangu wa pili. Aliniamkia shikamoo kabla hajaketi. Nilishindwa kumtazama usoni nilipoitikia marahaba.

"Mama Tatu, wewe ndiye mweka hazina. Hisa zilizopigwa muhuri ni 1,842. Kwa shilingi 2,000 kila hisa, tunapata 3,684,000. Daftari la fedha linasema zimeingia 3,644,000. Elfu arobaini iko wapi?"

Watu hawakunitazama mimi. Walimtazama Asha.

Asha ana miaka 22 na ndiye anayeshika ufunguo wa tatu. Alhamisi iliyopita, tulipojumlisha vitabu kwa ajili ya mgao na kuona pengo, mtu mmoja alinong'ona kwamba binti huyu kanunua simu mpya. Basi, habari ikafika kisimani, ikafika dukani, ikafika mpaka kwenye mashine ya kukamua alizeti. Ufunguo mmoja haufungui sanduku lenye kufuli 3, na hilo wote tunalijua. Mimi ndiye niliyepaswa kuwakumbusha. Wiki nzima nilinyamaza.

"Pesa huhesabiwa na nani?" mkaguzi aliuliza.

"Wahesabu fedha wawili, mbele yetu sote," mwenyekiti alijibu. "Salio hutangazwa kabla ya kufunga sanduku, na kila mtu hulishika kichwani."

"Na mkifungua sanduku, salio liliwahi kukutwa limepungua?"

"Halijawahi."

"Basi hakuna aliyeiba sandukuni." Alisema hivyo akimwangalia Asha, na nikaona mabega ya yule mtoto yakishuka. "Pesa hii haikuingia kabisa. Ila mihuri ipo."

Akaanza kufungua vitabu kimoja kimoja, bila haraka. Kila mkutano una mstari wake wenye nafasi 5. Ukinunua hisa 2, mihuri 2, na nafasi zinazobaki hufutwa kwa kalamu palepale. Alipofika kitabu cha 17 alisimama. Akakiweka sambamba na cha jirani yake, akakigeuzia kwenye mwanga.

"Mwezi wa tatu wote mlitumia wino wa bluu?"

"Ndiyo," katibu akasema. "Pedi ilikauka mwanzoni mwa mwezi wa nne, tukanunua ya zambarau."

"Mbona hiki kina zambarau mwezi wa tatu? Mistari 4, mihuri 20."

Hisa 20 kwa 2,000. Hakuna aliyehitaji kikokotoo.

Kilikuwa kitabu cha wifi yangu, Mama Salehe. Mwezi ule wa tatu alikuwa amelala sakafuni hospitalini Singida mjini, kando ya kitanda cha mwanawe. Katiba yetu inasema anayekosa kuchangia mikutano 4 mfululizo hapewi mkopo, naye alihitaji mkopo kuliko sisi sote. Siku pedi mpya ilipofunguliwa watu walikuwa wakibishania mkopo wa mtu mwingine. Kitabu chake kilikuwa mapajani mwangu. Ile mistari 4 sikuwa nimeifuta. Labda moyo wangu ulikuwa umeshaamua. Nikagonga muhuri mara 20. Nilijiambia atalipa akivuna alizeti. Mvua ikakatika mapema, akavuna gunia 3.

"Ni mimi," nikasema. "Mama Salehe hakuniomba. Nilipiga mwenyewe, bila pesa. Nilitaka apate mkopo."

Wifi yangu alijifunika uso kwa kanga. Mwenyekiti aliuliza kwa nini sikuleta suala lile kikaoni, maana tunao mfuko wa jamii, na kila mmoja hutoa 500 kila wiki kwa ajili ya mambo kama hayo hayo. Sikuwa na jibu. Mtoto anaumwa, wifi analia kwenye simu, nami nimeshika muhuri. Sikufikiria mbali zaidi ya hapo.

Mkaguzi aliandika. Mihuri 20 ifutwe, adhabu yangu ipangwe na kikundi kwa mujibu wa katiba, mweka hazina mwingine achaguliwe kabla ya mgao. Nikautoa muhuri nikauweka mkekani.

"Asha, mwanangu," nikasema. "Nisamehe. Nilijua tangu Alhamisi."

Hakujibu. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo, akaulaza juu ya mfuniko wa sanduku. Mwenyekiti alimsihi aushike, wanawake wawili wakamwita kwa jina. Aliaga, "Nawaachia," akapita katikati ya vitabu bila kukanyaga hata kimoja.

Katibu alichukua kalamu nyekundu akaanza kufuta. Muhuri wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tulimsubiri afike 20.