YAH: OMBI LA KULIPA MALIMBIKIZO YA KODI KWA AWAMU KULINGANA NA MAPATO YA KILA MWEZI

Kwa Ofisa wa Madeni ya Kodi,

Nakubali deni la shilingi 4,200,000 la miaka miwili iliyopita, ukiacha riba. Ritani zote zilizokuwa zimebaki nimekwisha kuziwasilisha, kwa hiyo kiasi chenyewe sikibishii. Ninaloomba ni namna ya kulilipa.

Mimi ni mpiga picha wa sherehe. Kazi hujaa Juni hadi Agosti, kisha Desemba. Mwanzo wa mwaka hukauka. Kwa mujibu wa taarifa ya benki niliyoambatisha, baada ya kutenga kodi ya mwaka huu, Februari nilibakiwa na 380,000, Desemba 2,600,000. Wastani ni 1,080,000, lakini tafadhali usinipangie kwa wastani huo, maana hakuna mwezi hata mmoja niliopata kiasi hicho hasa; huwa ni pungufu au zaidi. Tukigawa deni sawasawa kwa miezi 20, awamu ni 210,000. Februari ningebaki na 170,000, ilhali pango na chakula pekee ni 310,000. Mpango ungevunjika kabla kazi hazijaanza, nami ningerudi kwako na deni kubwa zaidi.

Napendekeza hivi. Kila mwezi, hata ukiwa mkavu, nilipe 50,000. Mwezi ambao mapato yatazidi 700,000, niongeze asilimia 40 ya ile ziada. Kwa hiyo kwa mapato ya Februari ningelipa 50,000, na kwa ya Desemba 810,000. Nimeupitisha mpango huu kwenye mapato ya mwaka mzima uliopita: ungetoa 2,800,000. Mwaka ujao ukifanana nao, na tukianza na mapato ya Januari, deni la msingi litaisha kwa mapato ya Agosti ya mwaka wa pili. Naomba muda wa miezi 24 ili riba nayo iingie humo.

Kodi ya sasa haimo katika hesabu hii. Naitenga siku ileile mteja anapolipa, kwenye akaunti ya pembeni, kwa sababu kulipa deni la zamani huku nikizalisha jipya hakutanisaidia mimi wala ofisi yako.

Tarehe 5 ya kila mwezi nitakuletea taarifa ya benki ya mwezi uliopita, na tarehe 10 nitalipa. Mteja akichelewesha malipo, nitakuarifu kabla ya tarehe 10, na ile 50,000 nitailipa vilevile. Kila baada ya miezi 6 tukutane tupitie asilimia. Kazi zikiongezeka, niko tayari ipande.

Naomba jibu lako kwa maandishi, likionyesha riba itakavyohesabiwa muda wote wa mpango, kila malipo yataanza kupunguza nini kati ya riba na deni la msingi, na kwamba akaunti yangu haitazuiwa maadamu natimiza masharti. Malipo ya kwanza ya 50,000 nimeyafanya leo; risiti nimeiambatisha.

Wako mtiifu,
Mlipakodi mwombaji